Tarehe Aliyoitamka

Simu ya mke wangu ililia nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari midogo imejaa mdomoni. Nikaitema kiganjani, nikapokea.

"Halo, shikamoo mama mwalimu."

"Marahaba. Si mama huyu. Mimi mume wake. Yeye hayupo."

Ndivyo nilivyokuwa nawajibu wote. Hayupo. Mwanzoni nilikuwa nawaambia ukweli mzima, kwamba amefariki, na kila mtu alifanya yaleyale: anashtuka, anasema pole sana baba, Mungu amlaze mahali pema, anakata. Siwalaumu. Nani anataka kukaa kwenye simu na mfiwa asiyemjua? Lakini ukisema hayupo, mtu anatulia, anakueleza shida yake, wengine wanakuuliza hata hali yako. Na humu ndani mwangu hakuna mwingine wa kuniuliza.

"Basi naomba nikuachie ujumbe, baba, umpe akirudi."

Nyuma yake mashine zilikuwa zinavuma, hata ikabidi apaze sauti.

"Uko wapi huko, mashine ya kusaga?"

"Hapana, baba. Nafua mashuka hospitali. Mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa. Mwaka wa saba huu. Nataka kusomea uuguzi. Nimechoka kuwajua wagonjwa kwa madoa yao."

Nikacheka. Nilishtuka kusikia kicheko changu mwenyewe chumbani mle, kama mtu mwingine ameingia.

"Haya, sema ujumbe."

"Ni ile video yake ya ufadhili wa uuguzi. Anasema mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini kufikia tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Na tarehe ya mwisho ni thelathini mwezi huu. Mimi natimiza thelathini tarehe ishirini na nne. Siku sita, baba! Siku sita zinaniangusha."

"Kamlaumu mama yako, kakuzaa mapema."

"Nishamlaumu. Kaniambia nikamuulize mkunga." Akacheka, halafu sauti ikashuka. "Nilikuwa nimeshakusanya kila kitu. Vyeti, kitambulisho, barua ya muuguzi mkuu. Nilipousikia huo mstari wa umri nikavirudisha vyote kwenye begi, chini ya kitanda. Nauliza tu kama hao watu wana huruma hata kidogo. Yeye mama atakuwa anajua. Mwakani ndiyo kabisa, siwezi hata kujaribu."

Nikamwambia nitauliza. Nikaandika namba yake kwa chaki kwenye mbao za kochi, sehemu ambayo kitambaa kingeifunika.

Kwa asiyemjua mke wangu, kazi yake ilikuwa hii. Kuna kituo cha ushauri wa masomo, vyumba viwili juu ya duka la rangi, na yeye alikuwa anatengeneza video za kuwaelekeza watu namna ya kuomba ufadhili na nafasi za vyuo. Watu wa vyeti vya kidato cha nne, watu waliokaa nyumbani miaka, wazazi. Chini ya kila video aliandika maelezo: nani anaruhusiwa kuomba, karatasi gani zinatakiwa, mwisho lini, na linki ya kwenda kwenye tangazo lenyewe. Na namba yake ya simu, kwa sababu Mkurugenzi alisema simu ya ofisi inakuja. Ikawa inakuja mpaka mke wangu akaingia kaburini. Hao ndio wakubwa wetu. Ahadi ni zao, vocha ni ya kwako.

Mimi shule niliishia njiani. Lakini ukikaa na mtu miaka ishirini na mitatu unaijua kazi yake hata kama huiwezi, kama yeye alivyojua sponji nzuri kwa kuibonyeza tu. Nilijua kwamba kila mwaka alikuwa anapita video moja baada ya nyingine, anafungua tangazo jipya, anabadilisha mwaka kwenye kichwa, tarehe, masharti, na mwishoni anaandika siku aliyohakiki. Ambapo tangazo lilikuwa bado halijatoka, aliandika hivyo hivyo waziwazi: tarehe ya mwaka huu bado, usitumie ya mwaka jana. Na alikuwa na mwiko mmoja. Tarehe hakuitamka mbele ya kamera. "Maandishi nitayafuta, mzee wa makochi," alikuwa ananiambia. "Maneno yakishatoka mdomoni nitayafuta na nini?"

Video ya uuguzi ndiyo ya mwisho kuitengeneza, na ndani yake tarehe ameitamka. Mara tatu. Mkurugenzi ndiye aliyeshikilia aitamke, eti watu siku hizi hawasomi, wanasikiliza tu. Wakati huo mke wangu alikuwa anakohoa, hana tena nguvu ya kubishana na mtu aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka.

Hiyo video nilikuwa naisikiliza kila siku nikifanya kazi. Masharti nimeyakariri kama wimbo, na sijawahi kuwa na haja nayo hata moja.

Nikavaa shati safi, nikaenda kituoni. Tangu mazishi nilikuwa sijakanyaga pale.

Kwenye kiti cha mke wangu alikuwa amekaa binti mmoja, vidude vya masikioni vimening'inia shingoni, mbele yake kompyuta na rundo la karatasi. Namjua, alikuja msibani akaosha vyombo bila kuombwa. Mlango wa chumba cha kurekodia ulikuwa wazi, nikaziona sponji nilizozibandika ukutani kwa mkono wangu ili sauti isirudi. Moja ilikuwa imebanduka pembeni. Hakuna aliyeona haja ya kuirudishia.

"Baba! Karibu. Shikamoo. Umepungua."

"Marahaba. Nimepungua wapi, nguo zimekua. Sikiliza, binti yangu. Kuna mwanamke mnamnyima shule kwa siku sita."

Nikamweleza. Nadhani nilikuwa nasema kwa sauti ya juu. Nilisema watu waliosoma wanakaa na kiyoyozi wanachora mistari, na mwenye kufua mashuka anakatwa na mstari kama uzi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Baba, masharti hatupangi sisi. Ni ule mfuko unaotoa ufadhili."

"Najua. Kila mkubwa ana mkubwa wake wa kumsingizia."

"Mimi mkubwa? Mshahara wangu ukiuona utanichangia." Akavuta kibodi. "Ngoja. Mwalimu alikuwa hasemi neno mpaka afungue tangazo lenyewe. Tulifungue."

Akaandika, akasubiri, akateremsha ukurasa. Kisha akaacha kuteremsha. Akasogeza uso karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mama yangu," akasema.

"Nini?"

"Mwaka huu wamewahisha. Mwisho si tarehe thelathini. Ni kumi na saba. Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni, mtandao unafungwa."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kitu cha kwanza kilichonijia ni hasira, kama kawaida yangu, maana nilidhani huyo mwanamke sasa amekatwa mara mbili. Binti ndiye aliyenigeuza.

"Baba, fikiria. Umri unapimwa siku ya mwisho ya kupokea maombi. Siku hiyo ni kumi na saba. Yeye anatimiza thelathini lini?"

"Ishirini na nne."

"Basi Ijumaa bado ana ishirini na tisa."

Nikamtazama. "Anaruhusiwa?"

"Anaruhusiwa kabisa. Ila ana siku hizi tatu tu. Na yeye anajua haruhusiwi."

Nikauliza ilikuwaje, kwa sababu juu ya ile video imeandikwa mwaka huu, kichwa kizima, herufi kubwa. Binti akainamisha macho. Akasema mwezi wa kwanza Mkurugenzi aliagiza mwaka ubadilishwe kwenye vichwa vyote kwa mkupuo mmoja. Kumbe inawezekana: unachagua video zote, unaiambia kompyuta mwaka wa zamani uwe mpya, imekwisha kabla chai haijapoa. Sababu ni kwamba watu wanapotafuta ufadhili wanaandika na mwaka, na video yenye mwaka wa jana hawaifungui. Maelezo ya chini yangefuata, moja moja, kadiri matangazo yanavyotoka. Lakini kabla binti hajaanza akapewa ripoti za wafadhili wa kituo, na baada ya ripoti semina, na baada ya semina ripoti ya semina.

"Kwa hiyo juu mwaka huu, chini tarehe ya mwaka jana," nikasema.

"Ndiyo, baba."

"Bora hata mngeuacha mwaka wa zamani. Mtu angejua ni ya zamani."

Akainuka. Akanisukumia kiti kile cha mke wangu. "Mpigie kwanza. Mengine tutagombana baadaye."

Nilipiga, ikaita ikakatika. Nikapiga tena. Na tena. Mashine zile nilizozisikia, nani atasikia simu? Binti akanichemshia chai, ikapoa. Hatimaye akapokea, anahema.

"Baba? Mama amerudi?"

"Sikiliza. Tarehe ya mwisho ni kumi na saba, si thelathini. Ijumaa hii. Kwa hiyo umri wako haujapita. Toa begi chini ya kitanda, uombe leo."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kutapeliwa. "Hapana, baba. Ni thelathini. Mama kasema mwenyewe."

"Alisema ya mwaka jana."

"Video imeandikwa mwaka huu."

"Imeandikwa vibaya."

"Baba, usikasirike. Mimi wewe sikujui. Mama namjua, namsikiliza tangu nikiwa kidato cha nne narudia mtihani. Hajawahi kudanganya mtu. Kasema thelathini, mara tatu, nimemsikia kwa masikio yangu. Nikiomba na miaka imepita watanifungia hata vyuo vingine, nimesikia wanafanya hivyo. Akirudi mwambie anipigie yeye, nitaomba saa hiyohiyo."

Binti alikuwa ananitazama. Akanyoosha mkono aichukue simu. Nikamkatalia kwa kichwa, maana hili halikuwa lake.

"Hawezi kukupigia," nikasema. "Amefariki. Mwezi wa tisa mwaka jana."

Mashine zikavuma. Nikangoja pole na kukata.

"Lakini uliniambia hayupo," akasema taratibu.

"Hayupo ndiyo."

"Nimekupa ujumbe umpe..."

"Umenipa. Nimeufikisha alipokuwa anakaa. Tarehe aliyoitamka ilikuwa sahihi, mwanangu. Ilikuwa sahihi siku yake. Angekuwepo angeshaibadilisha, wala usingekuwa unaongea na mimi. Niko kwenye kiti chake hapa, tangazo liko mbele yangu, nasoma polepole kwa sababu mimi si msomi. Ku-mi na sa-ba. Anayeamini tarehe bila kufungua tangazo, mke wangu alikuwa anamgombeza. Sasa fungua tangazo mwenyewe. Usiniamini mimi wala usimwamini yeye."

Binti alikuwa ameshamtumia linki. Tukamsikia akitoka nje, mlango ukifungwa, mashine zikiwa mbali. Akasoma kwa sauti, mstari ule wa tarehe, kisha ule wa umri, kisha akaurudia wa tarehe.

"Nina miaka ishirini na tisa," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa.

"Basi kimbia kabla hujazeeka."

Hakucheka. Akasema, "Baba, pole. Pole sana." Safari hii hakukata yeye. Nilikata mimi, maana muda wake ulikuwa una kazi.

Mkurugenzi akatoka chumbani kwake tulipokuwa tumeshamaliza, shati limenyooka, akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema mke wangu alikuwa nguzo. Nikamwambia nguzo huwa haining'inizwi ubao wenye tarehe ya uongo. Binti akakohoa. Akamweleza yote, na akasema maelezo ameshayabadilisha, na kichwa ameongeza neno la tahadhari, na ameandika maoni akayabandika juu kabisa ya mengine. Lakini sauti imebaki. Watu wanatumiana linki kwenye makundi ya WhatsApp, wanaifungua wakiwa njiani, simu iko mfukoni, wanachosikia ni thelathini, thelathini, thelathini.

"Kata vipande hivyo," akasema Mkurugenzi.

"Ameitaja katikati ya kueleza umri. Nikikata, hesabu ya umri haieleweki, na ndiyo iliyomponza yule dada. Kuiondoa kwenye utafutaji tu nako hakusaidii, mwenye linki ataendelea kuifungua. Tuifanye ya faragha, asiione mtu. Nirekodi mpya leo."

"Ndiyo video yetu inayotazamwa kuliko zote!"

"Ndiyo inayodanganya watu wengi kuliko zote."

Akanitazama mimi. Nikajua kinachokuja. Mtu wa cheo anapokwama anakumbuka ghafla kwamba na wewe ni binadamu. "Mzee, hii ni sauti ya mkeo. Sisi hatuwezi kuamua juu ya jambo kama hili. Sema wewe mwenyewe. Ukisema ibaki, inabaki na tahadhari yake chini."

Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa yote. Tangu mazishi hakuniuliza chochote, hata kama nimekula. Alipomtaka aitamke tarehe hakuniuliza.

Na sijui kama watanielewa wasiowahi kubaki peke yao. Nakala ningepata, binti alishasema ataniwekea kwenye simu. Sauti isingepotea. Lakini chini ya ile video watu walikuwa wanaandika. Mwalimu asante nimepata chuo. Mwalimu sauti yako inanituliza. Mwalimu ulivaa kitenge kizuri. Kila siku kulikuwa na mpya, watu wanaongea naye kama yuko jikoni. Nilikuwa nayasoma jioni, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Hiyo ndiyo iliyokuwa inazimwa. Nakala ni mimi naye tu, na mimi naye tu ni mimi peke yangu.

"Wangapi wameifungua mwezi huu?" nikamuuliza binti.

Akanitajia. Sitaiandika namba hiyo, nitaonekana natia chumvi. Kila mmoja wao alikuwa na begi lake chini ya kitanda.

"Zima," nikasema.

Akabonyeza. Nilikuwa nimeifungua kwenye simu yangu, mke wangu amenyanyua kidole anaeleza habari ya vyeti. Nikaifungua upya. Kikatokea kioo cheusi na maneno kwamba video hii ni ya faragha.

Yule dada wa mashuka alinipigia Ijumaa mchana. Maombi yalikuwa yamepokelewa, alikuwa na namba ya uthibitisho, alinisomea yote tarakimu kwa tarakimu, na mimi nikazisikiliza kama mtu anayeandika. Nikataka kumuuliza ana watoto, anakaa na nani, mama yake na mkunga walipatana. Lakini msimamizi wake alikuwa anamwita. "Haya baba, Mungu akubariki." Ndiyo ikawa hivyo. Kama alichaguliwa sijui. Matokeo wanatangaza mwezi wa tisa, na mimi si ndugu yake hata anijulishe.

Binti naye aliziacha ripoti. Alimwambia Mkurugenzi amfukuze kama anataka, yeye anaanza video ya kwanza mpaka ya mwisho, tangazo kwa tangazo. Hakumfukuza, angempata wapi mwingine kwa mshahara ule. Na katika kila video anayoihakiki anafuta namba ya mke wangu na kuweka ya ofisi, maana hatimaye simu ya ofisi imenunuliwa. Aliniomba ruhusa kwanza. Nikampa. Ningesema nini? Mtu anayetafuta shule apokelewe simu na fundi makochi?

Tangu hapo najua kazi yake imefika wapi bila kumuuliza. Alipomaliza za vyuo vya ualimu, asubuhi zikawa kimya. Alipomaliza za mikopo, wazazi wakaacha kupiga. Zile za ufadhili wa nje zilichelewa kidogo, zina masharti mengi, kwa hiyo kwa muda nilikuwa bado napata mmoja mmoja. Anafanya kazi nzuri. Kadiri anavyoifanya vizuri ndivyo nyumba yangu inavyokuwa kimya.

Jana ilipigwa moja. Kijana, sauti haijakaa sawa, anauliza vyuo vya ufundi vinafunga lini kupokea maombi. Nikajua hizo binti hajazifikia.

"Shikamoo. Naomba kuongea na mwalimu."

"Marahaba. Mwalimu amefariki," nikasema. "Usiifuate tarehe iliyoandikwa hapo. Chukua kalamu, nikupe namba ya ofisini. Kuna binti pale, atafungua tangazo lenyewe mbele yako."

Akaandika, akanirudishia namba nihakikishe. Ilikuwa sahihi.

"Pole sana, baba," akasema, akakata.